Saa ya Uwanja Imelipiwa, Mvua Imenyesha: Hasara ni ya Nani?

Kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku, viwanja vidogo vya nyasi bandia jijini Dar es Salaam havipumziki. Wafanyakazi wa ofisi moja wanatoka, maveterani wa mtaa wanaingia, na nje ya wavu vijana wa chuo wameshafunga njumu wakisubiri zamu yao. Mlinzi akipuliza filimbi, wa ndani hawana hoja hata kama wamebakiza kona ya kupiga. Saa yao imekwisha, na ya wenzao imeanza.

Biashara ya kukodisha uwanja kwa saa imekua pamoja na kapeti la nyasi bandia, kwa sababu kapeti linavumilia kuchezewa na vikundi vitano au sita kwa jioni moja. Uwanja wa nyasi za asili ungekuwa vumbi baada ya mwezi wa matumizi ya namna hiyo. Mwenye uwanja ametumia fedha nyingi kulitandaza kapeti, akajenga uzio, akasimamisha nguzo za taa, na sasa anarudisha mtaji wake saa baada ya saa. Bidhaa yake ina tabia moja ngumu: saa 1 usiku ya Alhamisi ikipita bila mchezaji, haiwezi kuwekwa stoo ikauzwa Ijumaa. Imepotea.

Ndiyo maana wenye viwanja hudai fedha itangulie. Katika miezi ya kiangazi utaratibu huo hausumbui mtu. Nahodha wa kikundi hupiga simu, meneja huangalia daftari, wakakubaliana siku na saa, kisha nusu ya bei inatumwa kwa simu na nusu nyingine inalipwa getini. Mgogoro huanza masika, Machi hadi Mei, na kurudi tena wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Wingu likitanda juu ya jiji saa 10 jioni, maswali huanza kumiminika kwenye kundi la Wasap: tunaingia au hatuingii? Na kama hatuingii, fedha yetu inakuwaje?

Aghalabu hakuna mwenye jibu, kwa kuwa siku ya kulipa hakuna aliyeuliza.

Malipo ya awali yenyewe yana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mpokeaji. Viwanja vilivyojipanga hutumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na mlipaji huliona jina hilo kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Vingine hupokea kwa namba binafsi ya meneja. Si lazima pawe na udanganyifu hapo, lakini meneja akiacha kazi, ahadi zake zote zinaondoka na simu yake, na atakayempokea hatakuwa na kumbukumbu kwamba kikundi fulani kinadai saa moja tangu wiki iliyopita. Ujumbe wa uthibitisho wa malipo ndio risiti, basi usifutwe mpaka mechi ichezwe.

La pili ni daftari. Viwanja vingi bado vinaandika nafasi kwa kalamu, na mara nyingine daftari liko getini wakati simu inayopokea maombi iko kwa bosi mjini. Hapo ndipo saa moja inapouzwa mara mbili. Vikundi viwili vinakutana getini, kila kimoja kina ujumbe wake wa malipo, na watu 28 wanatazamana. Kanuni inayoeleweka na wengi ni kwamba aliyetanguliza fedha ndiye mwenye saa, na muda ulioandikwa kwenye ujumbe wa malipo huamua nani alitangulia. Maneno ya "nishikie, nitatuma baadaye" hayashiki kitu.

Kuna kundi la wateja ambalo hali yake ni tofauti kidogo, nalo ni la wanaolipia mwezi mzima: kila Alhamisi, saa ileile. Hawa hupewa bei nafuu na nafasi ya kudumu. Ni vizuri, ila ndio walio hatarini zaidi masika, maana wametanguliza fedha za Alhamisi nne bila kujua ni ngapi kati ya hizo zitakuwa kavu. Mwezi wa Ramadhani nao huwavurugia ratiba, kwani vikundi vingi huhamia usiku baada ya tarawehe, na saa zilizokuwa zikigombaniwa jioni hubaki wazi. Kwa anayelipa kwa mwezi, ruhusa ya kuhamisha saa ina thamani kuliko punguzo la bei.

Baada ya bei ya uwanja huja ada ya taa, na hapa wateja wengi huona wanaonewa. Uwanja uleule, ukubwa uleule, lakini saa 1 usiku ina bei kubwa kuliko saa 10 jioni. Je, umeme unakula kiasi hicho?

Hesabu si ngumu. Chukua uwanja wa wachezaji saba kwa saba wenye taa 16 za LED, kila moja ya wati 400. Zikiwaka zote zinatumia kilowati 6.4, yaani uniti 6.4 kwa saa. Bei ya TANESCO kwa watumiaji wa kawaida, daraja T1, ni shilingi 292 kwa uniti kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 na makato ya REA na EWURA, uniti moja ya LUKU inafika kama shilingi 356. Saa nzima ya mwanga inagharimu takriban shilingi 2,300. Kwa taa za mtindo wa zamani za wati 1,000 kila moja, gharama inapanda kufikia kama shilingi 6,000. Umeme ukikatika na jenereta likawashwa, dizeli nayo inaweza kufika kiasi hicho au kukizidi.

Kwa hiyo ada ya taa ya shilingi 20,000 si bei ya umeme peke yake. Ndani yake kuna taa zinazoungua, nguzo na nyaya, fundi wa kupanda juu, na mlinzi anayekaa hadi usiku. Lakini zaidi ya yote kuna bei ya kugombaniwa. Watu wazima wenye kazi wanaweza kucheza usiku tu, na mwenye uwanja anajua. Hakuna kosa katika hilo, mradi aseme bei kamili mapema badala ya kuiongeza getini wachezaji wakiwa wameshavua viatu.

Swali la kuuliza ni ada hiyo inaanza saa ngapi. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni hivi. Giza huingia upesi, kama dakika ishirini tu baadaye. Anayekodi saa 12 hadi saa 1 mwezi wa Februari anacheza karibu saa nzima kwa mwanga wa bure. Anayekodi saa hiyohiyo mwezi wa Juni anahitaji taa kuanzia katikati. Viwanja vingine hutoza ada nzima kuanzia saa 12 kamili, vingine hutoza nusu kwa saa hiyo, na vingine huanza saa 1. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa wiki nne inaweza kununua mipira miwili.

Aina ya taa nayo ina umuhimu ambao wachezaji wengi hawaujui. Zile taa kubwa za zamani, zinazowaka polepole na kuanza na rangi ya kijani au zambarau, zikizimika kwa sababu umeme umecheza hata sekunde moja tu, haziwaki tena papo hapo. Ni lazima balbu ipoe kwanza, na hiyo huchukua dakika 10 hadi 15. Umeme ukicheza mara mbili katika saa moja, nusu saa imekwenda. LED huwaka mara umeme unaporudi. Anayechagua uwanja wa usiku atazame juu kabla ya kutazama kapeti. Dakika zinazopotea kwa taa ni za mwenye uwanja kuzifidia, iwe kwa kuongeza muda au kupunguza bei, kwa sababu mwanga ni kitu alichouza kwa jina na bei yake.

Sasa tuje kwenye mvua yenyewe.

Wengi hufikiri mvua ikinyesha uwanja haufai. Kwa uwanja wa udongo ni kweli. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unateleza, na kuuchezea ukiwa tope kunauchimba mashimo yatakayobaki mpaka kiangazi. Mwenye uwanja wa aina hiyo ana haki ya kuufunga hata kama wachezaji wako tayari kuchafuka. Kapeti ni habari nyingine. Chini ya nyasi za plastiki kuna kitambaa chenye matundu, chini ya kitambaa kuna tabaka la kokoto, na chini ya kokoto au pembeni kuna mabomba na mitaro. Maji hayatakiwi kukimbia juu ya kapeti, yanatakiwa kupenya na kushuka. Kapeti linalopimwa kwa viwango vya ubora vya FIFA linatakiwa kupitisha maji yasiyopungua milimita 180 kwa saa. Kulinganisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 katika saa 24.

Yaani kapeti zuri linaweza kuimeza karibu kila mvua inayoshuka Dar es Salaam. Mbona basi tunaona madimbwi?

Mara nyingi sababu iko chini au pembeni. Vumbi la jiji, majani na chembe za mpira zilizomwagwa kati ya nyasi hushikana na kuziba matundu. Kapeti lisilopigwa brashi hukandamizwa hasa mbele ya magoli, mahali ambapo miguu hupita zaidi, na ndipo dimbwi la kwanza hutokea. Wakati mwingine uwanja unapitisha maji vizuri, ila mtaro wa mtaa umejaa taka na maji hayana pa kwenda, yakarudi. Pia kuna viwanja vilivyotandazwa kapeti juu ya zege bila mteremko wala tundu. Na kuna maeneo ya bondeni ambako hakuna kapeti litakalosaidia: viwanja vya Jangwani vimejaa maji ya Mto Msimbazi mara nyingi, na hapo tatizo si mvua ya juu bali mto uliotoka njia yake.

Jambo hili lina uzito katika kugawa hasara. Mvua ni ya Mungu, lakini dimbwi linalokaa saa mbili juu ya kapeti baada ya mvua kukatika ni dalili ya matunzo. Mwenye uwanja hawezi kumwambia mteja kwamba hasara ni ya wote kwa kuwa mvua haina mwenyewe, ilhali mtaro wake haujazibuliwa tangu mwaka jana. Nahodha makini hutembelea uwanja mara moja mvua ikiwa imetoka kunyesha, hasa kabla ya kulipia mwezi mzima. Akikuta kapeti limelowa lakini maji hayachuruziki kwenye kiatu, huo ni uwanja wa kulipia.

Namna ya kupima kama uwanja unachezeka haihitaji chombo. Waamuzi wa mpira hutumia mpira wenyewe. Unauachia kutoka usawa wa bega uangukie kapeti, mbele ya magoli yote mawili, katikati na pembeni. Ukidunda, vizuri. Ukitua na kunata kama umeangukia mchanga mbichi, pana maji. Kisha unausukuma chini kwa mguu. Ukienda na kusimama ghafla ukirusha maji mbele yake, au ukaelea, hapo hapachezeki. Sehemu moja ndogo ya kona haitoshi kufunga uwanja. Eneo la mbele ya goli au katikati linatosha.

Radi ni kisa kingine kabisa, na hapa hakuna majadiliano. Nguzo za chuma na uzio wa chuma vinavyozunguka watu 14 waliolowa ni mahali pabaya pa kuwa wakati radi inapiga. Ukiona mwanga wa radi kisha ukahesabu, kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni umbali wa kilomita moja hivi. Sekunde 30 au chini yake maana yake radi iko ndani ya kilomita 10, na mchezo unasimama hata kama uwanja ni mkavu. Kurudi ndani ni baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Katika saa moja iliyokodiwa, radi moja tu karibu inamaliza kila kitu.

Tuchukue kikundi kimoja cha mfano tukione kikipita katika jioni tatu tofauti za Aprili.

Ni maveterani 14. Wamekodi Alhamisi saa 1 hadi saa 2 usiku. Uwanja ni shilingi 60,000, taa 20,000, jumla 80,000. Kila mmoja amechanga 6,000, ikapatikana 84,000, na ile 4,000 ya ziada ni ya maji ya kunywa. Jumanne nahodha ametuma 40,000 kuwa arubuni. Nyingine italipwa getini.

Jioni ya kwanza mvua inaanza saa 10 na haikatiki. Saa 11:30 nahodha anapiga simu. "Kaka, vipi hali ya huko?" Meneja anatoka na mpira, anaupima, unanata mbele ya goli la upande wa barabara. "Maji yamesimama, kaka. Leo naufunga." Hapo hasara yote ni ya uwanja. Alichouza ni saa inayochezeka na hana cha kukabidhi. Kikundi kinachagua: 40,000 irudi, au saa ihamie siku nyingine. Uamuzi ni wa kikundi, si wa meneja, ingawa vikundi vingi hupendelea kuhamisha kwa kuwa kurudisha fedha kwa simu kuna makato.

Jioni ya pili ni manyunyu tu. Meneja amepima, mpira unadunda, anasema njooni. Lakini kwenye kundi la Wasap mmoja ameandika kuwa foleni ya Morogoro Road haitembei, mwingine ana mafua, mwingine kaona wingu. Wanafika sita. Wanasimama kidogo chini ya bati la getini, wanaondoka. Hapa nahodha akidai fedha, hana haki. Uwanja ulikuwepo, mkavu wa kutosha, na saa ile haikuweza kuuzwa kwa mwingine. Meneja anabaki na 40,000. Lakini ada ya taa ni suala tofauti. Taa hazikuwashwa. Kama kikundi kilikuwa kimelipa 80,000 zote, ile 20,000 ya taa inapaswa kurudi au kubebwa mbele, maana ilikuwa malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Wenye viwanja wengi huichanganya na bei ya uwanja ili isidaiwe. Mteja aombe bei mbili zitajwe mbalimbali tangu mwanzo.

Jioni ya tatu ndiyo ngumu. Mchezo umeanza saa 1 kamili na kikundi kimelipa 80,000 yote. Saa 1:25 inasikika ngurumo. Wanatoka, wanasubiri, ngurumo nyingine, na saa 2 kikundi kinachofuata kimefika. Wamecheza dakika 25 na kupoteza 35. Ukigawa kwa dakika, wanadai takriban shilingi 46,700. Hakuna meneja atakayehesabu hivyo usiku wa mvua, na haina haja. Kanuni rahisi inayowatendea haki wote ni ya nusu: mchezo ukisimama kabla ya nusu ya muda, kikundi kinapewa nusu saa siku nyingine pamoja na taa zake. Ukisimama baada ya nusu, imekwisha. Kikundi kinapoteza dakika chache mara moja, uwanja unapoteza dakika chache mara nyingine, na hakuna anayebishana getini saa 2 usiku.

Sheria ya Tanzania inasemaje? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo vifungu vyake vingi vinafuata sheria ya India ya mwaka 1872, ina vifungu viwili vinavyogusa jambo hili. Kifungu cha 56 kinahusu mkataba ambao utekelezaji wake unakuwa hauwezekani baada ya makubaliano: mkataba huo unakuwa batili. Kifungu cha 65 kinasema aliyepokea faida chini ya mkataba uliogeuka kuwa batili anapaswa kuirudisha au kuifidia. Uwanja uliofunikwa na maji saa ya mchezo unaingia vizuri katika maelezo hayo, na arubuni iliyopokelewa ndiyo faida inayotakiwa kurudi. Manyunyu na foleni haviingii, kwa sababu kucheza kuliwezekana.

Bango la "Fedha ikilipwa hairudi" lililobandikwa getini lina nguvu yake pale mteja anapojitoa mwenyewe. Pale uwanja unaposhindwa kutoa saa iliyouzwa, nguvu ya bango ni ndogo kuliko mwenye uwanja anavyodhani. Hata hivyo hakuna atakayekwenda Mahakama ya Mwanzo kudai 40,000. Kwa fedha za kiasi hiki, makubaliano ya kabla ndiyo mahakama yenyewe.

Upande wa mwenye uwanja nao una ukweli wake. Aprili akipoteza jioni nane, kila jioni ikiwa na saa tano, ni saa 40. Mshahara wa mlinzi haupungui, kodi ya ardhi haipungui, mkopo wa benki haungoji jua. Akirudisha kila shilingi kwa kila wingu, Mei hatafika. Kwa hiyo ana haki ya kuweka masharti: saa inayohamishwa itumike ndani ya muda fulani, ihamie kwenye saa ya bei ileile, na anayetaka kuihamishia Jumamosi jioni aongeze tofauti. Haya yote ni ya haki.

Lisilo la haki ni muda mfupi. Viwanja vingine hutoa siku 14 za kutumia saa iliyoahirishwa. Kiangazi zinatosha. Katikati ya Aprili, siku 14 zinazofuata nazo ni za mvua, na saa zote kavu zimeshachukuliwa na wateja wa kudumu. Ahadi ya namna hiyo ni sawa na kutorudisha. Siku 30 ndiyo kiwango cha chini masika, na saa iliyoahirishwa kwa mvua ikiahirishwa tena kwa mvua, hesabu ianze upya.

Yote haya yanaweza kukaa katika ujumbe mmoja wa simu, ambao nahodha anautuma kabla ya kutuma fedha na kusubiri jibu. Mfano wake ni huu: "Bosi, habari za leo. Tunalipia Alhamisi saa 1 hadi 2 usiku: uwanja 60,000, taa 20,000. Uwanja utapimwa kwa mpira saa 11:30 jioni na utatujulisha. Ukijaa maji au kukiwa na radi, fedha inarudi au tunahamisha ndani ya siku 30, chaguo letu. Tukisimama kabla ya saa 1:30 tunapata nusu saa siku nyingine. Tusipotokea na uwanja uko sawa, arubuni ni yako, ila taa hazihesabiwi. Umeme ukikatika unatuongezea muda au unapunguza. Ukikubali nijibu, nitume."

Saa 11:30 haikuchaguliwa ovyo. Ni muda ambao watu wengi wanatoka kazini na hawajaingia kwenye foleni, kwa hiyo habari ya kufungwa inawakuta kabla hawajalipa bodaboda au daladala. Meneja naye anabaki na saa moja na nusu ya kuona kama wingu linapita. Akisema uko wazi saa 11:30, kisha mvua ikabadilisha mambo saa 12:45, mpira unapimwa tena mbele ya manahodha wote wawili, na matokeo ya kipimo hicho ndiyo yanayofuatwa.

Mwenye uwanja anayejibu ujumbe huo kwa "sawa, nakubali" amekwishaonyesha anavyofanya kazi. Anayejibu "wewe lipa tu, tutaelewana" naye ameonyesha, na kikundi kitafute uwanja mwingine kungali mapema. Vuli huanza Oktoba. Wanaolipia kwa mwezi wautume ujumbe huo Septemba, wakati daftari la meneja lina nafasi na yeye ana sababu ya kusikiliza. Na wenye viwanja watumie Septemba hiyohiyo kuzibua mitaro na kupiga brashi mbele ya magoli.